UZI: S24 ya dukani 108,000, ya "Dubai" 76,000. Hizo elfu 32 zinakwenda wapi?

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa), mwanzilishi wa uzi

Salaam wakuu. Naomba msaada kabla sijajichoma. Nataka Galaxy S24, ile ndogo, 256GB. Duka lenye kibandiko cha muuzaji rasmi limenitajia 108,000 na waranti ya miezi 24. Nimevuka barabara, nikaingia kwenye kile kichochoro cha maduka ya simu, jamaa akanitolea boksi lile lile kwa 76,000. Anasema imetoka Dubai, ni orijino, na waranti atanipa yeye mwenyewe mwaka mmoja.

Mimi nafanya biashara ya samaki, laini zangu ni mbili na zote lazima ziwe hewani. Naingia Kwale na Msambweni kila wiki. Sitaki michezo, nataka simu. Elfu 32 si pesa ndogo, ni friza la mtumba hilo. Kuna ubaya gani na ya 76,000?

Mtaa_wa_Congo (Dar)

Mkuu usiogope, chukua. Mimi niko Kariakoo mwaka wa sita na simu za Dubai ndizo zinazotulisha. Kiwanda kimoja, simu moja. Tena za Dubai ni bora, zote zinakuja na chipu ya Snapdragon, hizo za madukani wanawaletea Exynos. Waranti pia ni ya kimataifa, imeandikwa kwenye kijitabu ndani ya boksi. Hao wa dukani unalipia kiyoyozi na zulia.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Mvuvi, kabla hujasikia la mtu yeyote, mimi nikiwemo, rudi kwa huyo jamaa ukasome maandishi madogo nyuma ya boksi. Kuna namba inaanza na SM-S921 halafu inafuatwa na herufi. Hiyo herufi ndiyo unayonunua. "Dubai" ni njia simu iliyopitia, haikuambii imetengenezwa kwa ajili ya nani.

SM-S921B ndiyo ya soko la dunia, inayouzwa huku kwetu na Ghuba na Ulaya. SM-S921U au U1 ni ya Marekani. SM-S921N ni ya Korea. SM-S9210 ni ya Hong Kong na majirani zake. Kwa nje si rahisi kuzitofautisha.

Mtaa wa Congo, hapo kwenye Snapdragon umechanganya. S23, S23+ na S23 Ultra zote zilikuwa Snapdragon, popote ulimwenguni. S24 Ultra pia. Lakini S24 ya kawaida, ikiwa ni B, ni Exynos 2400, hata uinunulie chini ya Burj Khalifa. Yenye Snapdragon ni ya Marekani, Kanada, na hizo za China na Hong Kong. Kwa hiyo mteja wako akipata "S24 ya Dubai yenye Snapdragon", ujue hiyo Dubai ilishukia tu, kwao ni kwingine.

Mtaa_wa_Congo (Dar)

Sawa fundi, nimekubali kwa hilo. Lakini simu ni simu.

Binti_Deira (Dubai)

Nimeingia hapa kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la jumla Deira, mwaka wa nne sasa. Wateja wetu nusu ni Waafrika, wananunua pisi hamsini, mia, wanaondoka. Nawaambia ukweli: kwenye meza yetu zinakaa simu za India, Hong Kong, Marekani na za hapa hapa, na bei ni tofauti kila siku kulingana na ipi imeshuka. Mnunuzi akija na bajeti ndogo anachukua mchanganyiko. Zikifika kwenu zote zinaitwa Dubai.

Kuhusu waranti ya kimataifa, kakangu, hicho kijitabu kisomeni hadi mwisho. Simu iliyouzwa kwa soko la Emirati inatengenezwa bure Emirati. Ukiileta hapa na risiti, tunakupeleka kituo cha huduma. Ukiwa Mombasa hiyo risiti yangu haikusaidii, maana kituo cha kwenu wanaingiza IMEI kwenye mfumo, wanaona simu ni ya eneo jingine, wanakwambia lipia. Hawakuoni mwizi, hawakukatalii kuitengeneza. Ila si bure.

Na jambo moja ambalo watu hupigia kelele sana: "sili imekatwa, nimeuziwa iliyotumika!" Si lazima. Simu za baadhi ya kanda zina kibandiko kwenye boksi kinachosema ianze kutumika kwa laini ya kanda ile. Usipofanya hivyo, ukitia laini ya Kenya inakataa. Kwa hiyo sisi tunafungua boksi, tunatia laini ya kanda husika, tunapiga simu ya dakika tano na zaidi, kufuli linatoka, tunarudisha. Simu ni mpya. Ila siku ile ile saa ya waranti imeanza kuhesabu, hata ikikaa kwenye sanduku lako miezi mitatu kabla ya kuuzwa.

Bi_Mshoni (Voi)

Jamani na mimi nataka S24, kuna mtu anajua wapi wanatoa kwa kulipa kidogo kidogo? Nina cherehani mbili naweza kuweka rehani.

Kartasi_za_Forodha (Mombasa)

Bi Mshoni, uzi wa mkopo ni mwingine mama, huku tunazungumzia za nje.

Mvuvi, umeuliza elfu 32 zinakwenda wapi. Mimi ni wakala wa forodha, nikupigie hesabu. Tuchukue simu ambayo thamani yake ikifika bandarini au uwanja wa ndege, pamoja na nauli na bima, ni 60,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 15,000. Tumefika 75,000. Ushuru wa bidhaa, ule wa simu ulioingizwa 2022, asilimia 10 ya hiyo 75,000 ni 7,500. Sasa ni 82,500. VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya hiyo 82,500, si juu ya 60,000 kama wengi wanavyodhani, kwa hiyo ni 13,200. Bado ada ya tamko la uingizaji, asilimia 2.5 ya ile 60,000, ni 1,500. Na ya reli asilimia 2, ni 1,200.

Jumlisha: 38,400. Simu ya 60,000 imekuwa 98,400 kabla muuzaji hajala hata shilingi. Weka pango, mshahara, faida, unafika 108,000 yako. Kiyoyozi na zulia ni sehemu ndogo sana.

Sasa geuza. Jamaa wa kichochoroni amenunua 60,000, anakuuzia 76,000, na yeye pia ana pango na anakula. Zile 38,400 zimepita wapi? Ndani ya begi la nguo, mkuu. Viwango hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopita, lakini umbo la hesabu ni hilo: kodi inapanda juu ya kodi.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Kartasi nakuheshimu, lakini usifanye kila simu ya nje kuwa ya magendo. Nina mteja aliagiza ya kwake moja kutoka Hong Kong, ikapita kwa wasafirishaji, akalipa kila senti, karatasi anazo. Bado ni simu ya nje na bado haina waranti ya hapa. Kodi ni jambo moja, waranti ni jingine. Kuna iliyolipiwa isiyo na waranti.

Kartasi_za_Forodha (Mombasa)

Ni kweli. Na huyo mteja wako mwulize mwishowe alilipa ngapi. Nakuhakikishia hakuokoa hata elfu tano. Bei ya chini ya kichochoroni haitoki kwa kuagiza nje, inatoka kwa kutolipa.

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Sasa naanza kuelewa. Lakini kuna kitu cha IMEI nilisikia, kwamba simu isiyolipiwa ushuru itazimwa mtandaoni. Nikinunua hiyo, si nitaamka siku moja haina mtandao?

Kartasi_za_Forodha (Mombasa)

Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa notisi mwishoni mwa 2024, ianze Januari 2025, waingizaji waandike IMEI ya kila simu kwenye mfumo wa KRA. Katiba Institute wakaenda mahakamani kwa hoja ya faragha, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikasema notisi zile zinakiuka katiba. Mimi kazini bado nawashauri wateja waandike IMEI, maana jambo la kodi halifi kwa hukumu moja. Kukuapia kwamba haitarudi kwa sura nyingine, siwezi.

Mtaa_wa_Congo (Dar)

Huku kwetu tunatuma IMEI kwenda 15090, inarudi na jina la simu. Ikirudi sawa, waranti sawa, kila kitu sawa.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

15090 inakwambia IMEI hiyo ni ya simu ya aina gani, ili usiuziwe feki. Ni kipimo kizuri kwa hilo. Haijui waranti yako.

Mwalimu_wa_Kinango

Niwape kisa changu. Sikununua Samsung, nilinunua ya Kichina, toleo la China kwenyewe, muuzaji akaiwekea programu ya Kiingereza. Mombasa mjini ilikuwa inaruka, 4G imejaa. Nikapanda nayo nyumbani Kinango, ikashuka mpaka E. Simu ya mke wangu ya bei ya chini, laini ile ile, iko 4G palepale kando yake. Nikabadilisha laini, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, nikaamini nimerogwa.

Halafu meseji za WhatsApp zikawa hazilii mpaka nifungue. Na siku niliyobonyeza kusasisha, ikazima ikawaka na maandishi mekundu ya kukataa, haikuwaka tena. Muuzaji akasema "programu haiko kwenye waranti". Basi.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Mwalimu hukurogwa. Safaricom mjini wanatumia sana 1800, lakini mashambani 4G yao inategemea masafa ya 800, yale yanayoitwa bendi ya 20, kwa sababu masafa ya chini husafiri mbali na hupenya. Simu nyingi za soko la China hazina bendi 20, kwao haitumiki. Kwa hiyo mjini inadaka 1800, ukitoka inatafuta 800, haina sikio la kuisikia, inaangukia 3G au E. Hakuna programu ya kuiongeza, ni vipande vya ndani ya simu.

Hilo la maandishi mekundu ni programu ya kubandikwa. Kufuli la kuwashia limerudishwa juu ya programu isiyo ya simu hiyo, ukisasisha tu inajigundua. Nimepokea nyingi, zingine zinarudi, zingine hapana.

Mvuvi, hili linakuhusu kwa namna nyingine. S24 zote zina bendi 20, hapo uko salama hata Msambweni. Tatizo lako litakuwa kwenye sauti. Simu ya Marekani, ile U, imebeba wasifu wa mitandao ya kwao, haina wa Safaricom wala Airtel Kenya. Kwa hiyo 4G ya intaneti inafanya kazi, lakini ukipiga simu haiwezi kupigia juu ya 4G. Utaona hivi: alama ya 4G juu ya skrini, ukibonyeza kupiga inageuka H+ au 3G au E, na intaneti inakuwa nzito, au ikiangukia E inakatika kabisa, mpaka ukate simu. Kwa muuza samaki anayeongea na mteja huku anasubiri ujumbe wa WhatsApp wa mteja mwingine, utachukia.

Tena U ina nafasi ya kadi moja tu. Laini ya pili lazima iwe eSIM. B ina nafasi mbili za kadi. Na U kwa kawaida haina kitufe cha kurekodi mazungumzo. Ya Korea nayo, nyingi hulia mlio wa picha hata ukiinyamazisha, ni utaratibu wa kwao, utashtua samaki.

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Samaki wangu huwa wameshakufa, fundi. Naenda kesho.

Bi_Mshoni (Voi)

Nimepata mtu ananiuzia S24 kwa 48,000, anasema ilikuwa ya mkopo, mwenyewe kashindwa kulipa. Vipi hiyo?

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Bi Mshoni usiiguse mpaka ufanye hivi. Izime. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, uchomeke kebo iliyounganishwa na kompyuta. Itakuja skrini ya onyo, bonyeza kuongeza sauti mara moja. Juu kuna maandishi madogo, tafuta mstari unaoanza na KG. Ukisema Checking au Completed, sawa. Ukisema Active au Locked, hiyo simu ina mwenye deni, na anaweza kuizima akiwa ofisini kwake hata baada ya mwaka. Wako watakaokwambia wanaitoa kwa elfu tatu. Ukisasisha inarudi. Ukimaliza kusoma, toka kwa kushikilia kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti.

Na Mvuvi pia afanye hivyo. Simu za Marekani nyingi zilitoka kwa mkopo wa kampuni ya simu, zikauzwa kabla deni halijaisha.

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Wakuu, nimerudi. Jasho.

Ile ya 76,000 ni SM-S921U, fundi ulinusa ukiwa Nairobi. Nilitia laini yangu, 4G ikaja, nikampigia mke wangu, ikawa H+ palepale mbele ya macho yangu. Jamaa akaniambia ni mtandao mbaya leo. Nikatoa simu yangu ya zamani, laini ile ile, nikapiga, 4G haikubanduka. Akanyamaza.

Halafu akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa nyingine. SM-S921B. Sili imekatwa. Bei 81,000. Nikapiga *#06#, namba mbili za IMEI zikalingana na za boksi. Nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu, Maelezo ya programu, nikasoma ile mistari ya chini, kuna herufi XSG. KG inasema Completed. Nikapiga simu, 4G imebaki. Nafasi mbili za kadi, zote nimezitia, zote zikasoma.

Binti_Deira (Dubai)

XSG ni Emirati. Hiyo kweli ni ya huku. Sili itakuwa ni sababu niliyosema, au ilikaa kwenye maonyesho. Nenda Mipangilio, Betri, uangalie kama ina historia ya kutumika.

Mtaa_wa_Congo (Dar)

Si nilisema chukua.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Ulisema achukue ile nyingine.

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Sasa tofauti ni elfu 27 badala ya 32. Waranti ya jamaa nilimbana aandike. Ameandika miezi sita, "bodi na skrini".

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Mimi ningechukua. Fikiria waranti rasmi inakukinga na nini hasa. Ukiiangusha, haipo. Ikiingia maji, haipo. Inakukinga na bodi kufa yenyewe, chaji kugoma, mstari wa kijani kwenye skrini bila kuanguka. Hayo kwa mwenye bahati ya kawaida hayatokei. Yakitokea, skrini ya S24 itakula karibu elfu 27 zako zote, ubaki sare.

Kartasi_za_Forodha (Mombasa)

Mimi nisingechukua. Mstari wa kijani ulinitokea mwezi wa tano, simu haijawahi hata kudondoka kitandani. Duka nililonunua lilikuwa limegeuka kinyozi. Miezi sita ya mtu ambaye anaweza kuhama wiki ijayo ni miezi mingapi? Na tuache utani, kama kila mtu atanunua ya begini, mimi nitakula wapi.

Mwalimu_wa_Kinango

Kartasi amesema ukweli mwishoni.

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Nimeichukua ya 81,000. Nitakayoyapata nitawaambia. Jamaa nimemjua kwao, mjomba wake ananiuzia barafu, akihama nitamfuata Kisauni.

Kartasi_za_Forodha (Mombasa)

Hongera. Risiti amekupa ya aina gani? Ina namba ya PIN na alama ya eTIMS?

Mvuvi_wa_Nchi_Kavu (Mombasa)

Ni kile kikaratasi cha kutoka kwenye kimashine, jina la duka, tarehe, na maneno ya waranti kayaandika kwa kalamu nyuma. PIN sioni.

Fundi_Bisibisi (Nairobi)

Ipige picha leo hii, mbele na nyuma, IMEI ionekane pembeni yake. Hiyo karatasi ikikaa mfukoni kwenye joto la Mombasa, kufika mwezi wa tatu itakuwa nyeupe.

Bi_Mshoni (Voi)

Yangu imesema Locked. Mwenyewe sasa ameshuka mpaka 30,000.